Kipindi, Kiwango na Alama: Ufafanuzi wa Makosa ya Kukokotoa Rejesho la Mwezi kwa Fomula ya PMT

Ikisiri

Makala hii inafafanua kwa nini fomula ya PMT, inayotumika katika lahajedwali kukokotoa rejesho la mkopo, hutoa jibu lenye alama ya kutoa au jibu lisilolingana na mkataba. Mfano mmoja wa mkopo wa shilingi 6,000,000 unafuatwa tangu mwanzo hadi mwisho. Inaoneshwa kwamba alama ya kutoa si kosa, bali ni namna fomula inavyotofautisha fedha inayoingia na inayotoka. Na kwamba kosa halisi hutokea pale kiwango cha riba cha mwaka kinapowekwa katika hesabu ya vipindi vya mwezi. Aidha, makala inabainisha kuwa jedwali la marejesho linalofungwa kwa sifuri si uthibitisho wa usahihi, na inapendekeza uhakiki unaoweza kufanywa kwa kalamu na karatasi.

1.0 Utangulizi

Katika vyama vya akiba na mikopo, rejesho la mwezi ndilo tarakimu ambayo mkopaji huitazama kuliko nyingine zote. Kwa tarakimu hiyo mkopaji huamua kama ataumudu mkopo, na kwa tarakimu hiyo hiyo kamati ya mikopo huamua kama mshahara wake unatosha. Kwa kuwa hesabu yenyewe ni ndefu ikifanywa kwa mkono, watunza hazina wengi huitegemea fomula ya PMT iliyomo katika programu za Excel na LibreOffice Calc. Fomula hiyo haikosei katika kukokotoa. Hata hivyo, haina uwezo wa kujua kama kiwango kilichoandikwa ni cha mwaka au cha mwezi. Hupokea namba tu, na huichukulia kila namba kuwa imekwisha kupatanishwa na nyingine.

Mfano utakaotumika katika makala hii ni wa mkopo wa shilingi 6,000,000, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, unaorejeshwa kwa marejesho 24 yaliyo sawa, kila rejesho likilipwa mwishoni mwa mwezi. Riba hutozwa juu ya salio linalopungua. Yaani, kila mwezi hukokotolewa kwa kiasi kilichobaki na si kwa mkopo wote wa awali. Mfano huu ni wa kufikirika, lakini masharti yake ni ya kawaida.

2.0 Fomula ya PMT inavyofanya kazi

Fomula ya PMT huhitaji vigezo vitatu vya lazima. Cha kwanza ni `rate`, yaani kiwango cha riba kwa kipindi kimoja. Cha pili ni `nper`, idadi ya vipindi vya malipo. Cha tatu ni `pv`, thamani ya sasa, ambayo katika muktadha huu ni kiasi cha mkopo. Vigezo viwili vya hiari hufuata: `fv`, salio linalotakiwa kubaki baada ya rejesho la mwisho, na `type`, kinachoeleza kama malipo hufanyika mwishoni au mwanzoni mwa kipindi. Visipoandikwa, programu huvichukulia kuwa sifuri: mkopo unaisha wote, na malipo ni ya mwisho wa kipindi.

Hesabu inayofanyika ndani ya fomula, alama ikiwekwa kando, ni hii:

```
R = P × i / (1 − (1 + i)^(−n))
```

Hapa R ni rejesho, P ni mkopo, i ni kiwango cha riba kwa kipindi na n ni idadi ya vipindi. Neno la kuzingatia ni kipindi. Herufi i na n zimefungamana: kama n inahesabu miezi, i lazima iwe riba ya mwezi mmoja, kama n inahesabu miaka, i lazima iwe riba ya mwaka. Hakuna mahali katika hesabu hii panapotaja mwaka wala mwezi. Urefu wa kipindi upo akilini mwa mtumiaji tu, na hapo ndipo chanzo cha makosa yanayojadiliwa katika makala hii.

Kwa mfano wetu, asilimia 18 ikigawanywa kwa 12 hutoa asilimia 1.5 kwa mwezi. Fomula sahihi ni:

```
=PMT(18%/12, 24, 6000000)
```

Jibu lake ni −299,544.61. Maana yake ni kwamba mkopaji atalipa shilingi 299,544.61 kila mwezi. Kwa miezi 24 atakuwa amelipa takriban shilingi 7,189,071, na riba yote itakuwa takriban shilingi 1,189,071.

3.0 Alama ya kutoa

Jambo la kwanza linalomshangaza mtumiaji ni kwamba jibu sahihi huja na alama ya kutoa, na mara nyingi programu huliandika kwa rangi nyekundu. Wapo wanaodhani kuwa wamekosea kiwango cha riba, wakaanza kubadilisha namba zilizokuwa sahihi. Mkanganyiko huu huondoka mara inapofahamika kwamba fomula hutazama fedha kwa jicho la mtu mmoja aliyesimama upande mmoja wa mkataba. Fedha inayoingia mkononi mwake ni chanya, na inayotoka ni hasi. Shilingi 6,000,000 zilipoandikwa bila alama, fomula ilielewa kuwa mtu huyo amezipokea. Kwa hiyo ni mkopaji, na marejesho yake lazima yatoke. Kama mkopo ungeandikwa −6000000, mtu huyo angekuwa mkopeshaji aliyetoa fedha, na marejesho yangeingia kwake yakiwa chanya. Kiasi ni kilekile. Kilichobadilika ni upande wa kusimamia.

Anayetaka kuonesha rejesho bila alama ya kutoa anaweza kuiweka alama hiyo mbele ya fomula au mbele ya mkopo. Njia zote mbili hutoa jibu moja pale `fv` inapokuwa sifuri. Njia isiyopendekezwa ni kuifunga fomula ndani ya `ABS`, ambayo hufuta alama yoyote bila kuuliza imetoka wapi. Hatari yake huonekana pale mkataba unaporuhusu sehemu ya mkopo ilipwe kwa mkupuo mwishoni.

Tuchukue kwamba shilingi 1,000,000 kati ya mkopo uleule zitalipwa kwa mkupuo pamoja na rejesho la 24. Kwa kuwa mkopaji atazitoa, `fv` lazima iwe hasi:

```
=PMT(18%/12, 24, 6000000, -1000000)
```

Jibu ni −264,620.51. Rejesho limepungua kwa shilingi 34,924.10 ukilinganisha na lile la awali, jambo linaloeleweka, kwani sehemu ya deni imeahirishwa. Mtumiaji akiandika 1000000 bila alama, jibu huwa −334,468.71. Fomula imeelewa kuwa mwisho wa mkataba mkopaji atapokea shilingi 1,000,000, hivyo inamlipisha akiba ya fedha hizo juu ya deni. Majibu yote mawili ni hasi, na `ABS` ingeyafanya yote kuwa chanya. Kinachoyatenganisha ni swali la akili ya kawaida: je, inawezekana rejesho la mwezi liongezeke kwa sababu mkopaji ameruhusiwa kulipa sehemu ya deni baadaye?

4.0 Kiwango cha mwaka ndani ya kipindi cha mwezi

Kosa la pili ndilo zito. Mtumiaji huandika kiwango kama kilivyo katika mkataba na idadi ya miezi kama ilivyo katika mkataba, bila kupatanisha viwili hivyo:

```
=PMT(18%, 24, 6000000)
```

Jibu ni −1,100,725.79. Fomula imetii ilichoambiwa: vipindi ni 24, na kila kipindi kina riba ya asilimia 18. Kama vipindi hivyo ni miezi, basi mkopaji anatozwa asilimia 18 kila mwezi. Jumla ya marejesho inafikia takriban shilingi 26,417,419 kwa mkopo wa shilingi 6,000,000. Kama vipindi ni miaka, basi jibu ni sahihi kabisa, lakini ni la mkopo mwingine: ule unaolipwa mara moja kwa mwaka kwa muda wa miaka 24.

Kosa hili lina dalili mbili zinazoweza kutambulika bila kujua jibu sahihi. Dalili ya kwanza ni ukaribu wa jibu na riba ya mwaka mzima. Asilimia 18 ya shilingi 6,000,000 ni shilingi 1,080,000. Rejesho lililokosewa limeizidi kwa shilingi 20,726 tu, na kiasi hicho kidogo ndicho pekee kinachopunguza deni katika mwezi wa kwanza. Kwa hiyo, pale rejesho la mwezi linapokaribia zao la mkopo na kiwango cha mwaka, kuna kila sababu ya kushuku kwamba kiwango hakikugawanywa.

Dalili ya pili hujitokeza muda wa mkopo unapobadilishwa. Katika hesabu sahihi, muda ukiongezwa kutoka miezi 24 hadi 36, rejesho hushuka kutoka shilingi 299,544.61 hadi shilingi 216,914.37, yaani kwa zaidi ya robo. Katika hesabu iliyokosewa, badiliko hilohilo hushusha rejesho kutoka shilingi 1,100,725.79 hadi takriban shilingi 1,082,798, tofauti isiyofika asilimia 2. Sababu ni kwamba riba ya asilimia 18 kwa kipindi inapokusanyika kwa vipindi vingi, sehemu ya pili ya kigawanyo, `(1 + i)^(−n)`, hukaribia sifuri. Hapo rejesho hubaki kuwa riba karibu tupu, na muda hauna tena nguvu ya kulipunguza.

Kosa hili lina upande wake wa kinyume. Vipo vyama vinavyotaja riba kwa mwezi. Ikiwa seli tayari ina asilimia 1.5 ya mwezi, na mtumiaji aliyezoea kugawa kwa 12 akaigawa tena, kiwango huwa asilimia 0.125. Rejesho hushuka hadi takriban shilingi 253,925. Mkopaji hatalalamika, lakini chama kitakuwa kimekusanya riba ya takriban shilingi 94,199 tu kwa miaka miwili, badala ya shilingi 1,189,071. Upungufu wa aina hii ni mgumu zaidi kuugundua, kwa kuwa hakuna anayeumia siku ya kusaini mkataba.

5.0 Kosa linalofanana na ukweli

Rejesho la zaidi ya shilingi milioni moja humshtua hata asiyejua hesabu, hivyo kwa kawaida husahihishwa mapema. Hatari kubwa imo katika sahihisho lenyewe. Mtumiaji anayegundua kuwa kiwango ni cha mwaka anaweza kuamua kufanya hesabu yote kwa miaka, kisha kuligawa jibu kwa 12:

```
=PMT(18%, 2, 6000000)/12
```

Safari hii kiwango na vipindi vimepatana: riba ya mwaka kwa vipindi viwili vya mwaka. Fomula inatoa rejesho la mwaka la shilingi 3,832,293.58, na likigawanywa kwa 12 hupatikana shilingi 319,357.80 kwa mwezi. Tarakimu hii haishtui. Imezidi rejesho sahihi kwa shilingi 19,813.19, kiasi ambacho wengi wangedhani ni tofauti ya makadirio. Kwa miezi 24, hata hivyo, ziada hiyo ni takriban shilingi 475,517.

Chanzo cha ziada ni wakati, si kiwango. Hesabu ya mwaka huchukulia kuwa mkopaji halipi chochote hadi mwaka uishe, hivyo deni lote la shilingi 6,000,000 hubeba riba kwa miezi 12 kamili, yaani shilingi 1,080,000. Mkopaji wa kweli analipa kila mwezi. Baada ya rejesho la kwanza salio lake ni shilingi 5,790,455.39, na riba ya mwezi wa pili hutozwa kwa kiasi hicho kidogo zaidi. Akilipa rejesho sahihi, riba ya mwaka wake wa kwanza ni takriban shilingi 861,820. Kuligawa rejesho la mwaka kwa 12 ni kumnyima nafuu ya malipo aliyokwisha kuyafanya.

Athari yake si ya karatasini tu. Sharti linalofahamika kwa watumishi wengi ni kwamba baada ya makato, mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara. Kwa mtumishi mwenye mshahara wa shilingi 460,000 asiye na makato mengine, kikomo cha makato ni takriban shilingi 306,667. Rejesho sahihi la shilingi 299,544.61 limo ndani ya kikomo. Lile la shilingi 319,357.80 limekivuka. Mtumishi huyo angenyimwa mkopo anaostahili, na sababu itakayoandikwa ni udogo wa mshahara wake, ilhali mshahara haukuwa na tatizo.

6.0 Kwa nini jedwali la marejesho halifichui kosa

Utaratibu uliozoeleka wa kuhakiki rejesho ni kuandaa jedwali lenye safu za rejesho, riba, sehemu inayopunguza deni na salio. Salio la mwezi wa 24 likiwa sifuri, hesabu hukubaliwa. Uhakiki huu una thamani, lakini mipaka yake haina budi kueleweka.

Iwapo jedwali linachukua kiwango kutoka seli ileile iliyotumiwa na fomula ya PMT, litafungwa kwa sifuri hata kama kiwango hicho ni cha mwaka. Kwa rejesho la shilingi 1,100,725.79, jedwali litaonesha riba ya mwezi wa kwanza kuwa shilingi 1,080,000 na punguzo la deni la shilingi 20,725.79. Punguzo hilo litaongezeka mwezi hadi mwezi, na mwisho salio litakuwa sifuri. Jedwali limethibitisha kwamba rejesho linapatana na kiwango kilichotumika. Halikuthibitisha kwamba kiwango hicho ndicho cha mkataba. Shahidi wa pili anayesimulia alichoambiwa na shahidi wa kwanza hajaongeza ushahidi wowote.

Hali ni tofauti jedwali linapotayarishwa kwa kiwango kilichopatikana kwa njia nyingine. Rejesho la shilingi 319,357.80 likiingizwa katika jedwali linalotoza asilimia 1.5 kwa mwezi, salio hufika sifuri kabla ya wakati, na mwezi wa 24 huonesha takriban −567,321. Alama hii ya kutoa ina maana halisi: mkopaji amelipa kupita deni lake. Kiasi hicho kimezidi shilingi 475,517 zilizotajwa awali kwa sababu jedwali limeihesabia ziada ya kila mwezi riba yake pia.

7.0 Uhakiki wa kalamu na karatasi

Kutokana na hayo, uhakiki unaofaa ni ule usioitegemea fomula wala seli zake. Hatua ya kwanza ni kukokotoa riba ya mwezi wa kwanza moja kwa moja kutoka katika mkataba: 6,000,000 mara 0.18, gawa kwa 12, sawa na shilingi 90,000. Tarakimu hii ilinganishwe na mstari wa kwanza wa jedwali. Ikiwa jedwali linasema 1,080,000, kiwango hakikugawanywa. Ikiwa linasema 7,500, kimegawanywa mara mbili.

Hatua ya pili ni kuweka mipaka. Mkopo ukigawanywa kwa miezi bila riba yoyote, kila mwezi ni shilingi 250,000. Rejesho haliwezi kuwa chini ya hapo. Kama riba ya shilingi 90,000 ingetozwa kila mwezi bila kupungua hata kidogo, rejesho lingekuwa shilingi 340,000. Kwa riba ya salio linalopungua, haliwezi kufika hapo katika mkopo wenye rejesho zaidi ya moja. Jibu la 1,100,725.79 linaanguka katika hatua hii.

Hatua ya tatu hukaribia jibu lenyewe. Kama deni lingepungua kwa shilingi 250,000 kila mwezi, riba ingeshuka kwa usawa kutoka shilingi 90,000 mwezi wa kwanza hadi shilingi 3,750 mwezi wa mwisho. Wastani wa hizo mbili ni shilingi 46,875. Ukijumlisha na 250,000 unapata shilingi 296,875. Rejesho sahihi, 299,544.61, limezidi kadirio hili kwa chini ya asilimia 1, na ziada hiyo inatarajiwa, kwa kuwa katika marejesho yaliyo sawa deni hupungua polepole zaidi miezi ya mwanzo. Jibu la 319,357.80, lililopita hatua ya pili bila kugundulika, sasa linaonekana kuwa juu mno kwa zaidi ya shilingi 22,000.

Kadirio hili linafaa kwa mikopo ya muda mfupi. Kwa mkopo uleule wa asilimia 18 ukilipwa kwa miaka 20, njia hiyo ingetoa takriban shilingi 70,188 kwa mwezi, kiasi kisichotosha hata riba ya mwezi wa kwanza. Kwa mikopo mirefu, kigezo cha chini kinachofaa ni riba ya mwezi wa kwanza yenyewe: rejesho lisiloizidi shilingi 90,000 haliwezi kumaliza deni kamwe.

Ili kupunguza uwezekano wa kosa tangu mwanzo, inafaa kiwango cha mwaka, idadi ya malipo kwa mwaka na kiwango cha kipindi viwekwe katika seli tofauti zenye majina yanayosomeka:

```
B1  Mkopo                     6000000
B2  Riba kwa mwaka            18%
B3  Malipo kwa mwaka          12
B4  Idadi ya marejesho        24
B5  Riba kwa kipindi          =B2/B3
B6  Riba ya kipindi cha 1     =B1*B5
B7  Rejesho                   =-PMT(B5,B4,B1)
```

Faida ya mpangilio huu ni kwamba mgawanyo hauonekani tena kama sehemu ya fomula ambayo mtu anaweza kuisahau au kuirudia. Anayekagua anaona asilimia 1.5 katika B5 na 90,000 katika B6, na anaweza kuzilinganisha na mkataba kabla hajalitazama rejesho. Seli ya B2 inastahili uangalifu wake: ikiandikwa 18 bila alama ya asilimia, B5 huwa 1.5, sawa na asilimia 150 kwa mwezi, na rejesho hukaribia shilingi 9,000,000.

8.0 Mipaka ya kugawa kwa 12

Ingekuwa kosa jingine kuhitimisha kwamba kila kiwango cha mwaka hugawanywa kwa 12. Kwanza, kigawanyo ni idadi ya malipo kwa mwaka. Kwa marejesho ya kila robo mwaka, kigawanyo ni 4 na vipindi vya miaka miwili ni 8.

Pili, mgawanyo huu unahusu kiwango cha jina, ambacho mkataba unakitaja kwa mwaka huku riba ikitozwa kila mwezi. Iwapo asilimia 18 inatajwa kuwa kiwango halisi cha mwaka, ambacho tayari kimejumuisha limbikizo la miezi 12, riba ya mwezi hupatikana kwa kipeo na si kwa mgawanyo:

```
=(1+18%)^(1/12)-1
```

Jibu ni takriban asilimia 1.3888, na rejesho huwa takriban shilingi 295,692. Tofauti na 299,544.61 si kubwa, lakini ni ya kimkataba, na lahajedwali haiwezi kuiamua. Uamuzi huo hutokana na kusoma masharti.

Tatu, fomula ya PMT haihusu mikopo ambayo riba yake hukokotolewa juu ya mkopo wote wa awali muda wote. Katika mkataba wa namna hiyo, asilimia 18 kwa miaka miwili ni shilingi 2,160,000. Deni lote ni shilingi 8,160,000, na rejesho ni shilingi 340,000 kwa mwezi, sawasawa na mpaka wa juu uliooneshwa katika sehemu ya 7.0. Mkopaji anayepewa tarakimu hiyo na kuambiwa kuwa riba ni ya salio linalopungua ana haki ya kuuliza ni hesabu ipi iliyotumika.

9.0 Hitimisho

Uchambuzi umeonesha kuwa alama ya kutoa katika jibu la PMT hueleza mwelekeo wa fedha, na kwamba kuifuta bila kuielewa kunaweza kuficha kosa la kweli katika kigezo cha `fv`. Umeonesha pia kwamba kiwango cha mwaka kisichopatanishwa na kipindi hutoa rejesho linalokaribia riba ya mwaka mzima na lisiloitikia badiliko la muda, ilhali kuligawa rejesho la mwaka kwa 12 hutoa tarakimu inayoaminika lakini inayomtoza mkopaji zaidi ya mkataba. Kwa kuwa makosa haya yote hubaki na upatanifu wa ndani, jedwali linalojengwa juu ya seli zilezile haliyafichui. Kinachoyafichua ni tarakimu moja iliyotoka nje ya lahajedwali, yaani riba ya mwezi wa kwanza, ikokotolewe kwa mkono kutoka katika mkataba na kuandikwa kando ya rejesho kabla mkataba haujasainiwa.